Swali la 3, servo ya kamera ya gatini: maswali ya wasahihishaji na majibu yake

Ukurasa huu ni wa wakufunzi tunaogawana kusahihisha karatasi ya Mifumo ya Udhibiti hapa Tanga. Mwongozo wa alama unatoa majibu ya mwisho na mgawanyo wa alama 20, lakini hausemi ufanye nini mwanafunzi anapokosea mapema halafu akaendelea vizuri, au anapopata jibu sahihi kwa njia isiyoeleweka. Hayo ndiyo mnayoniuliza, na ndiyo niliyoyaandika hapa.

Swali lenyewe linasemaje?

Kamera imefungwa kwenye mlingoti gatini na inazungushwa na mota ya mkondo mnyoofu ili ifuate boti zinazopita. Mlinzi anageuza kinobu. Potenshiometa mbili zinalinganisha pembe aliyoiagiza, θi, na pembe ya kamera, θo, na kutoa volti 1 kwa kila radiani ya pengo kati yake. Amplifaya yenye ukuzaji K inapeleka volti hiyo kwenye mota. Kila volti 1 inayofika kwenye mota hatimaye inaizungusha kamera kwa radiani 0.2 kwa sekunde, na muda bainifu wa mota ni sekunde 0.2.

Mwanafunzi anatakiwa: (a) kutafuta uwiano θo/θi, alama 4, (b) kutafuta K ili kamera ipitilize kwa asilimia 16.3 inapopewa agizo la ghafla, alama 4. (C) kutafuta muda wa kufika kilele na muda wa kutulia ndani ya asilimia 2, alama 4. (D) kutafuta pengo linalobaki kamera inapofuata boti kwa mwendo wa radiani 0.1 kwa sekunde, alama 3. (E) kuongeza takometa na kuchagua K na Kt ili pengo hilo lipungue kwa nusu na kupitiliza kubaki palepale, alama 5.

Majibu kamili ni yapi?

Haya hapa kwa ufupi, uyaweke mezani unaposahihisha:

```
(a) G(s) = 0.2K / [s(0.2s + 1)] = K / [s(s + 5)]
    θo/θi = K / (s² + 5s + K)
(b) ζ = 0.5,  2ζωn = 5,  ωn = 5 rad/s,  K = 25
(c) tp = π / [ωn√(1 − ζ²)] = π / 4.33 = 0.726 s
    ts = 4 / (ζωn) = 4 / 2.5 = 1.6 s
(d) Kv = K/5 = 5 /s,  pengo = 0.1/5 = 0.02 rad
(e) K = 100,  Kt = 0.05 V·s/rad
```

Ukipewa jibu la (c) la sekunde 1.62 badala ya 1.6, lipe alama zote. Ile 4/(ζωn) ni makadirio. Anayelifuatilia jibu lenyewe la wakati hadi linapoingia ndani ya asilimia 2 na kubaki humo anapata takriban 1.62, na kazi yake ni nzuri zaidi.

Sehemu (a): mwanafunzi ameacha 0.2s² bila kugawanya. Nimkate?

Hapo hapana. Asili ya 0.2s² + s + 0.2K ni sahihi kabisa mradi kiasi chake pia ni 0.2K, kwa hiyo alama 4 ni zake. Hatari iko mbele, pale anapoilinganisha na s² + 2ζωn s + ωn² bila kwanza kuifanya s² isimame peke yake. Kosa hilo ni la sehemu (b), na huko ndiko linakokatwa.

Aliyeandika alama ya kutoa mbele ya K kwenye asili amekosea mrejesho. Mkate alama 1, kisha tazama anavyoendelea. Akifika (b) akaona ωn² imetoka hasi, akarudi na kurekebisha, mrudishie alama yake hata kama karatasi imejaa mikwaruzo.

Sehemu (b): K imetoka vibaya na hakuna maelezo. Nitajuaje alikosea wapi?

Swali hili linaulizwa sana, na habari njema ni kwamba namba yenyewe inakuambia. Njia sahihi inaanza hivi:

```
ln(0.163) = −1.814
ζ = 1.814 / √(π² + 1.814²) = 0.5
```

Ukikuta K karibu na 106, mwanafunzi alibonyeza `log` badala ya `ln` kwenye kikokotoo. Anapata ζ ya 0.243, kisha ωn ya 10.28, na mraba wake ni huo. Njia yake yote ni sawa isipokuwa kitufe kimoja, kwa hiyo anapoteza alama 1 tu.

Ukikuta K karibu na 14, aliweka 16.3 mahali pa 0.163, yaani alisahau kwamba asilimia inagawanywa kwa 100. ζ yake itakuwa 0.664. Huyu naye anapoteza alama 1.

K ikiwa 5, ni yule wa swali lililotangulia: alichukua 2ζωn = 1 na ωn² = 0.2K moja kwa moja kutoka kwenye asili isiyogawanywa. Mkate alama 2, kwa sababu hajaelewa umbo analolinganisha nalo, na umbo hilo ndilo moyo wa sehemu hii.

K ikiwa 100, aliandika ζωn = 5, akasahau ile 2. Hapa msahihishaji aliyechoka anaweza kuponyokwa, kwa sababu 100 ndilo jibu sahihi la (e). Nimeshaona vitabu ambavyo msahihishaji alipiga tiki kwa kuzoea namba hiyo. Katika (b) ni kosa, na anapoteza alama 1.

Akikosea K, sehemu zinazofuata zinahesabiwaje?

Tunafuata kosa lake. Chukua K yake, ζ yake na ωn yake, kokotoa upya, na kama majibu yake yanalingana na namba zake mwenyewe, alama za (c) na (d) anapata zote. Hatumwadhibu mtu mara mbili kwa kosa moja. Yule wa K = 5, kwa mfano, ana ωn ya 1 na ζ ya 0.5, kwa hiyo muda wa kilele wa sekunde 3.63 na muda wa kutulia wa sekunde 8 ni majibu halali kwake.

Kuna mpaka mmoja. Namba zake zikimfanya mfumo usiweze kupitiliza kabisa, yaani ζ ikawa 1 au zaidi, halafu akaendelea kutumia fomula ya muda wa kilele kana kwamba hakuna kitu, alama za muda huo hapati. Ndani ya mzizi wa mraba kutakuwa na sifuri au namba hasi, na mwanafunzi aliyefika hapo anatakiwa aseme kitu.

K yake ni mbaya lakini muda wa kutulia umetoka 1.6 uleule. Amenakili kwa jirani?

Usimshuku. Hili ni jambo la kweli kuhusu servo hii na linafaa kueleweka vizuri kabla ya kumwandikia mtu ripoti ya udanganyifu.

Angalia asili: s² + 5s + K. Namba iliyo mbele ya s ni 5, na inatoka kwenye mota peke yake. K haiigusi. Kwa kuwa 2ζωn = 5 siku zote, ζωn ni 2.5 siku zote, na 4/2.5 ni 1.6 iwe K ni 25, 50 au 106. Ukiongeza K, kamera inaanza kwenda kwa kasi zaidi na inafika kilele mapema, lakini inapitiliza zaidi na kuyumba mara nyingi zaidi ndani ya muda uleule. Inatulia karibu wakati uleule.

Kwa hiyo muda wa kutulia ulio sahihi hauthibitishi kwamba K ni sahihi, wala hauthibitishi udanganyifu. Kipimo chako kiwe muda wa kilele. Mwenye K ya 106 lazima apate takriban sekunde 0.315. Akiandika 0.726 huku K yake ni 106, hapo ndipo namba haijatoka kwenye hesabu zake, na hapo ndipo pa kuuliza.

Na mwanafunzi aliyekokotoa 1.6 bila kutumia K kabisa, akaeleza kwamba mota ndiyo inayoamua, anastahili alama kamili za kipengele hicho hata kama sehemu (b) ameiacha tupu.

Kuna aliyeandika muda wa kilele ni sekunde 41.6. Ametoa wapi?

Ameweka nyuzi 180 mahali pa π. 180 gawanya kwa 4.33 ni 41.6. Anapata alama ya fomula, hapati ya jibu.

Sehemu (d): jibu la 0.02 ni la nini hasa, na nitakubali maelezo gani?

Kamera inafuata agizo linaloongezeka kwa mwendo mmoja. Mota haizunguki bila volti, na volti haipatikani bila pengo. Ili kamera iende radiani 0.1 kwa sekunde mota inahitaji volti 0.5, na kwa K ya 25 volti 0.5 inatokana na pengo la radiani 0.02. Mwanafunzi aliyeandika hoja hiyo ya mistari miwili bila kutaja kanuni ya thamani ya mwisho apewe alama zote 3. Ni jibu bora kuliko la aliyekariri kanuni, kwa sababu linaonyesha pengo linafanya kazi gani.

Wanaokosea hapa wengi wao wanaandika sifuri. Wamekumbuka kwamba servo yenye s moja huru kwenye asili ya G haina pengo, lakini hilo ni kwa agizo la ghafla, pale kamera inapofika na kusimama. Kwa agizo linalotembea pengo linabaki. Aliyeandika sifuri bila hesabu hapati kitu. Aliyeandika Kv = 5 kisha akamalizia na sifuri anapata 1.

Unapojibu malalamiko ya wanafunzi, waonyeshe ukubwa wake. Boti inayopita mita 50 mbele ya kamera kwa mita 5 kwa sekunde inageuza pembe kwa radiani 0.1 kwa sekunde inapokuwa mkabala. Radiani 0.02 kwa umbali huo ni mita 1. Kamera inatazama mita 1 nyuma ya mahali boti ilipo. Unaweza kulifikia hilo kwa njia nyingine: 1/Kv ni sekunde 0.2, na ndani ya sekunde 0.2 boti hiyo inakwenda mita 1. Kwa mashua ya kwenda Pemba mita 1 si kitu. Kwa ngalawa ndogo, kamera ikiwa imevutwa karibu, sehemu ya mbele inaanza kukatika kwenye picha.

Sehemu (e): kwa nini karibu kila mtu ameandika K = 50?

Kwa sababu wamechukua Kv = K/5 kutoka sehemu (d) na kudhani bado ni kweli. Pengo lipungue nusu, Kv iwe 10, kwa hiyo K iwe 50. Kisha wanaona kwamba K ya 50 peke yake inashusha ζ hadi 0.354 na kamera inapitiliza kwa asilimia 30.5, wanaweka takometa kuituliza, na wanapata Kt ya 0.0414. Hesabu zote ni safi. Tatizo ni kwamba takometa yenyewe imebadilisha Kv, nao hawakurudi kuiangalia.

Takometa inatoa volti inayolingana na spidi ya kamera, na volti hiyo inaondolewa kwenye mlango wa amplifaya. Wakati boti inafuatwa, spidi haiishi, kwa hiyo takometa nayo haiachi kupunguza volti. Ili mota ipate ileile 0.5, pengo linalazimika kuwa kubwa zaidi kufidia. Kinachotuliza mtikisiko ndicho hichohicho kinachopanua pengo, na swali limetungwa ili mwanafunzi akutane na mvutano huo.

```
asili:  s² + (5 + K·Kt)s + K
Kv  =  K / (5 + K·Kt)
```

Sasa tumia masharti yote mawili kwa pamoja. 5 + K·Kt ni 2ζωn, na kwa ζ ya 0.5 hiyo ni sawa na ωn. K ni ωn². Kwa hiyo Kv ni ωn² gawanya kwa ωn, yaani ωn yenyewe. Tunataka Kv ya 10, basi ωn ni 10, K ni 100, na 5 + 100Kt = 10 inatoa Kt ya 0.05. Pengo linakuwa radiani 0.01, au nusu mita kwa ile boti yetu. Muda wa kutulia nao unashuka hadi sekunde 0.8, kwa kuwa sasa namba iliyo mbele ya s si ya mota peke yake.

Basi mwenye K = 50 na Kt = 0.0414 apewe ngapi?

Mgawanyo wa alama 5 ni huu: 1 ya asili mpya, 1 ya Kv mpya, 1 ya kulazimisha masharti mawili kwa wakati mmoja, 1 ya K na 1 ya Kt. Mwenye K = 50 ana asili mpya sahihi, na ametumia sharti la ζ vizuri kupata Kt inayolingana na K yake. Mpe 2.

Akienda mbele na kuhakiki, akaona Kv yake halisi ni 50/7.07 na pengo ni radiani 0.0141, akaandika wazi kwamba sharti la nusu halijatimia, mpe 3 hata kama muda ulimwishia hapo. Kitabu kimoja kilikuwa hivyo hasa: ukurasa wa mwisho, mwandiko umeanza kulala, na chini kabisa mwanafunzi ameandika kwamba K inabidi ipande tena kwa sababu takometa imekula sehemu ya faida. Alama ya 3 hiyo ni ya haki, na nisingependa msahihishaji yeyote aifute kwa hoja kwamba jibu la mwisho halipo.

Mwanafunzi hakutumia takometa. Aliweka kidhibiti kinachokuza pengo pamoja na kasi ya mabadiliko ya pengo. Je?

Kwa njia yake K ya 50 inatosha kweli, kwa sababu agizo linapotembea kwa mwendo mmoja pengo halibadiliki, na sehemu ile ya pili haichangii kitu. Kv inabaki K/5. Lakini kiasi cha uwiano wake kina s ndani yake, na hiyo inafanya kupitiliza kuzidi kidogo asilimia 16.3. Pia swali limetaja takometa kwa jina. Mpe alama hadi 3 kama ameandika asili sahihi, ameonyesha pengo la 0.01 na ametaja kwamba kiasi kimebadilika. Bila hilo la mwisho, 2.

Wanaoandika kuhusu msuguano na ukomo wa volti wanapata alama ya ziada?

Alama ya ziada haipo, ila maelezo hayo yasikatwe wala yasiitwe nje ya mada. Mengi ni ya kweli. Mota ikihitaji volti 0.75 kabla haijaanza kusogea, kwa K ya 25 kamera inaweza kusimama ikiwa na pengo la hadi radiani 0.03 baada ya agizo la ghafla, ingawa hesabu inasema sifuri. Mwanafunzi akiandika hivyo badala ya sifuri tupu, yuko sahihi kuliko mwongozo.

Vivyo hivyo kwa ukomo wa amplifaya. Ikiwa inatoa volti 24 tu, basi K ya 100 inaifikisha mwisho kwa agizo la ghafla linalozidi radiani 0.24, sawa na nyuzi 14 hivi. Juu ya hapo kamera haitapitiliza wala kutulia kwa muda uliokokotolewa, kwa sababu mfumo hautii tena ule mlinganyo. K ya 25 inavumilia hadi radiani 0.96. Mwanafunzi anayesema kwamba jibu la (e) ni zuri kwa kufuata boti lakini lina mipaka kwa kugeuza kamera kwa ghafla ameona jambo la kiuhandisi ambalo hatukuliuliza.

Maelezo yameandikwa kwa Kiswahili ilhali mtihani ni wa Kiingereza. Nifanyeje?

Sahihisha hoja. Mlinganyo hauna lugha, na karatasi hii haina alama hata moja ya lugha. Aliyeandika kwa Kiswahili kwamba «pengo ndilo linaloilisha mota» amejibu (d).

Nikubali majibu yaliyokadiriwa kwa kiasi gani?

K katika (b) kati ya 24.8 na 25.2, muda wa kilele kati ya 0.72 na 0.73, Kt kati ya 0.049 na 0.051. Wengi wanaotoka nje ya hapo walikata ζ mapema. Jibu likiwa nje ya mipaka hiyo na hukuona chanzo chake kwenye orodha ya (b), zungushia duara kwa penseli na ukiache kitabu pembeni tukitazame wawili kabla hujajumlisha.